Posho ya kila mwezi na fomu ya "mimi si mwajiriwa"

Swali: Tuna watu watano wa kujitolea. Kila mmoja tunampa posho ya 100 kila mwezi, na akikosa siku tunakata. Wote walisaini fomu kwamba si waajiriwa. Mmoja ameondoka na sasa anadai mshahara. Fomu haitulindi?

Jibu: Fomu hiyo inauzwa kama hirizi, na wanaoiuza hawaulizi hata nani anapanga zamu. Pendekezo Namba 198 la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 2006 linataka uhusiano wa kazi upimwe kwanza kwa jinsi kazi inavyofanyika na kulipwa, hata kama maandishi yanasema vingine. Nchi nyingi hufuata mkondo huo, ingawa vipimo vyenyewe hutofautiana.

Kwa hiyo acheni fomu kidogo, mtazame hilo neno "tunakata". Tuseme mwezi una siku 20 za kuja, na nauli ya kwenda na kurudi ni 2. Gharama halisi ni 40, na ile 60 iliyobaki haina maelezo. Akikosa siku 3, nauli inapungua kwa 6. Ninyi, mkigawa 100 kwa siku 20, mnakata 15, yaani 5 kwa kila siku. Ile 9 ya ziada si nauli ya mtu yeyote. Ni bei mliyoiwekea kazi yake, na daftari lenu la mahudhurio ndilo ushahidi.

Malipo ya kila mwezi peke yake hayamfanyi mtu kuwa mwajiriwa. Yakikutana na zamu mnazopanga ninyi, ruhusa ya kuomba, msimamizi anayempa maagizo na kazi ambayo isipofanywa ofisi inasimama, hapo jina la posho halisaidii. Kuliita "shukrani" au "motisha" ni mchezo uleule.

Kwa wanne waliobaki, lipeni gharama iliyotumika: tarehe, safari, kiasi, risiti inapopatikana. Kiwango cha jumla kinafaa pia, mradi kikaribie gharama ya kawaida na kilipwe kwa siku aliyokuja tu. Chochote kinachozidi hapo kinaweza kuhesabiwa kipato, na kodi nayo ikafuata. Anayejitolea awe na uhuru wa kusema "kesho siji" bila adhabu. Kama kazi haiwezi kuvumilia hilo, hiyo ni ajira. Mpeni mkataba na mshahara usiopungua kima cha chini.

Kuhusu aliyeondoka, mpelekeeni mwanasheria wa kazi daftari la mahudhurio, ratiba za zamu na orodha za malipo jinsi zilivyo. Mtakuja kushauriwa mjaze leo fomu za nauli za miezi iliyopita. Msithubutu: dai la mshahara hulipika, nyaraka za kughushi ni kosa la jinai.