pH ya sodiamu asetati na amoniamu kloridi: usishike kalkuleta kabla hujajua ioni ipi inachokoza maji

Nilipokuwa fom siksi tulipewa swali kwenye mtihani wa ndani, tafuta pH ya mmumunyo wa sodiamu asetati wa 0.1 M, Ka ya asidi ya asetiki ni 1.8×10^-5. Nikachukua Ka nikazidisha na 0.1, nikatoa kipeuo cha pili, nikapata pH 2.87 nikaandika kwa kujiamini kabisa. Nikakosa swali lote. Sasa hivi nafundisha tuisheni ya kemia na kila mwaka naikuta ile ile 2.87 kwenye madaftari ya madogo, kwa hiyo naomba niieleze hii kitu taratibu maana kosa lenyewe halipo kwenye hesabu, lipo kabla ya hesabu.

Hiyo 2.87 ni pH ya asidi ya asetiki yenyewe, ile iliyomo kwenye siki. Yaani nilikuwa nimehesabu pH ya mzazi wakati nimeulizwa ya mtoto.

Chumvi ikiingia kwenye maji inaachana, sodiamu inabaki Na+ na asetati inabaki CH3COO-. Hapo kila ioni iulize swali moja tu, wewe umetoka kwa nani, mkali au dhaifu? Na+ imetoka kwenye NaOH ambayo ni besi kali, haina shida ya kushikana na OH- tena, inakaa pembeni. Asetati imetoka kwenye asidi dhaifu, na asidi kuitwa dhaifu maana yake haiachii H+ yake kirahisi, kwa hiyo ioni yake ikibaki peke yake bado inaitaka ile H+, na pale ndani mwenye H ya kunyang'anywa ni maji. Asetati chache zinachukua H+ kutoka kwenye maji, yale maji yaliyoporwa yanabaki OH-, na hizo OH- ndizo zinafanya mmumunyo uwe wa kibesi. Madogo wengi wananiuliza ticha hiyo OH imetoka wapi mbona kwenye fomula ya chumvi haipo, jibu ni hilo, imetoka kwenye maji.

Ushauri wangu wa kwanza basi, andika mlinganyo wa ioni na maji kabla hujaandika namba yoyote. Ukiona upande wa kulia kuna OH- ujue jibu lako lazima lizidi 7, ukiona H+ (au H3O+) lazima liwe chini ya 7. Ningefanya hivyo siku ile, 2.87 ningeifuta mwenyewe.

```
CH3COO- + H2O ⇌ CH3COOH + OH-
Kh = Kw/Ka = 1.0×10^-14 / 1.8×10^-5 = 5.6×10^-10
[OH-] = √(5.6×10^-10 × 0.1) = 7.5×10^-6 M
pOH = 5.13
pH = 14 - 5.13 = 8.87
```

Usiikariri tu hiyo Kw/Ka. Andika Ka ya asidi na Kh ya chumvi pembeni kwa pembeni uzizidishe, utaona asidi inakatana na asidi, asetati na asetati, kinabaki [H+][OH-] ambayo ndiyo Kw, na kwa nyuzi 25 za sentigredi ni 1.0×10^-14. Kwa hiyo mzazi akiwa dhaifu zaidi, Ka inakuwa ndogo na Kh inapanda, ioni yake inagombana na maji zaidi. Ila usidhani ni ugomvi mkubwa, gawanya 7.5×10^-6 kwa 0.1 uone, katika ioni milioni moja za asetati zinazochukua H+ ni kama 75 tu. Ndiyo maana tunaruhusiwa kuiacha 0.1 bila kutoa chochote.

Na watu wengi wanaishia kwenye 5.13 wanaandika ndiyo pH. Ile ni pOH jamani, tumetafuta OH-.

Amoniamu kloridi ni picha ile ile imegeuzwa. Cl- imetoka kwenye HCl ambayo ni asidi kali, haisumbui. NH4+ imetoka kwa amonia, besi dhaifu, na inayapa maji H+ yake, kwa hiyo mmumunyo unakuwa wa kiasidi. Hapa Kh ni Kw gawanya kwa Kb ya amonia, unapata [H+] moja kwa moja, na kwa 0.1 M pH ni 5.13.

Sasa angalia mtego, Kb ya amonia nayo ni 1.8×10^-5, imetokea tu kulingana na Ka ya asetiki. Mwanafunzi anaweza akachanganya Ka na Kb mwaka mzima na asigundue kwa sababu namba inatoka ile ile, halafu siku akiletewa methilamini yenye Kb 4.4×10^-4 ndipo anapotea. Mimi siku hizi nafundishia methilamini makusudi.

Sehemu nyingine ambapo hii chumvi inajificha ni kwenye titresheni. Una 25 cm3 za asidi ya asetiki 0.1 M kwenye flaski, unamwagia NaOH 0.1 M kutoka kwenye bureti, zikifika 25 cm3 asidi yote imeisha, na wengi wanasema hapo pH ni 7 kwa sababu zimemalizana. Zimemalizana kweli, ila kilichobaki ni sodiamu asetati, na ujazo umeshakuwa 50 cm3 kwa hiyo ni 0.05 M siyo 0.1. Kipeuo cha 5.6×10^-10 × 0.05 ni 5.3×10^-6, pH inakuja 8.72. Hiyo ndiyo sababu tunatumia fenoftalini, inayobadilika kuanzia karibu 8.3 mpaka 10. Ukiweka methili orenji inayomaliza kubadilika kwenye 4.4, rangi itakuwa imeshageuka ukiwa umemwaga kama 8 cm3 tu, na utaandika hiyo namba ukidhani umemaliza.

Mwisho kuna pale njia ya kipeuo inapokataa. Dogo mmoja alinipa sodiamu asetati ya 10^-5 M, akahesabu vizuri tu, [OH-] ikatoka 7.5×10^-8 na pH 6.87, akaja amechanganyikiwa, ticha asetati imekuwa asidi? Haijawa asidi. Kwa uchache ule OH- za maji yenyewe zinazidi zile za chumvi, na sisi tulikuwa tumezisahau. Ongeza Kw ndani ya kipeuo:

```
[OH-] = √(Kh×C + Kw) = √(5.6×10^-15 + 1.0×10^-14) = 1.25×10^-7 M
pH = 7.10
```

Kwa 0.1 M hiyo Kw haibadilishi chochote kwenye jibu, ila Kh×C ikishuka ikakaribia 10^-14 iweke tu.