Faida ipo, pesa je?

"Nina hisa chache. Nimetumiwa PDF ya ripoti ya mwaka, kurasa 140, na uhasibu sijui. Nianzie wapi?"

Ndugu, ruka picha na hotuba ya mwenyekiti. Bonyeza Ctrl+F, andika `operating activities`, yaani shughuli za uendeshaji, kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha. Ikigoma, huenda PDF ni ya kuskani, basi fuata yaliyomo. Kwanza tazama juu ya safu: `TZS '000` maana yake 800,000 ni shilingi milioni 800. Wengi hukosea hapo.

Sasa linganisha faida baada ya kodi na fedha taslimu zilizotokana na shughuli. Tuseme faida ni milioni 800, lakini fedha taslimu ni hasi milioni 100. Zimeenda wapi? Fungua mizania, tafuta `receivables`, yaani madeni ya wateja. Yakiwa yamepanda kutoka milioni 1,200 hadi 2,100, milioni 900 zimekwama kwa wateja: mauzo yamehesabiwa, pesa haijaingia. Mwaka mmoja huenda ni ukuaji tu. Miaka mitatu mfululizo, mimi ningeshtuka. (Kwa benki kipimo hiki hakifai.)

Mwisho soma maoni ya mkaguzi. Ukikuta `Qualified opinion`, yaani mkaguzi ana kasoro aliyoiona kwenye hesabu, au `Material uncertainty related to going concern`, yaani kuna shaka kama kampuni itaweza kuendelea, muulize mhasibu mwenye CPA kabla ya kuongeza hisa.