Pesa haikuingia sandukuni

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 38, nauza dagaa, naishi Ujiji. Mwaka 2015 nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, wanawake 20. Marejesho ya mikopo, jumla 640,000, niliyapokea mkononi nikayaandika kwenye daftari, lakini sikuyatia sandukuni. Nilinunulia dagaa nikijua nitarudisha kabla ya mgawo. Mvua ikawakuta mchangani, wakaoza. Siku ya kufungua sanduku nilinyamaza. Lawama zikamwangukia mama aliyekuwa analaza sanduku nyumbani kwake. Wakamnyima mgawo wake wote, 260,000, akaitwa mwizi mpaka akahamia Kasulu. Hakuna anayejua ukweli. Nimetubu, nimefunga, nimelia miaka yote hii, lakini nikisikia tu watu wanataja kikundi natetemeka. Nitajisamehe vipi?*
*Mama H., Ujiji*

Marahaba, mwanangu.

Umetaja toba, basi tuanzie hapo. Masheikh wanafundisha masharti matatu ya toba: kuacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Hayo umeyatimiza zamani. Lakini kosa likigusa haki ya mja linaongezeka sharti la nne, nalo ni kumrudishia mwenye haki haki yake au kumwomba akuachilie. Hilo bado hujaligusa. Ndiyo maana unafunga, unalia, na kesho yake unaamka na mzigo uleule. Watu wengi wenye hali kama yako hudhani hawajajuta vya kutosha, wakaongeza adhabu: wanakataa kila jambo zuri, wanamkopesha yeyote anayeomba, wanavumilia kuonewa kwa sababu "nastahili". Mateso hayo yote hayamfikishii yule mama hata shilingi moja, wala hayamwondolei jina la mwizi. Kujisamehe kwa kweli kunakuja nyuma ya malipo. Ukikutanguliza mbele, moyo wako mwenyewe utakukatalia, kwa sababu unajua hesabu haijafungwa.

Na una madeni mawili, usiyachanganye. Moja ni la pesa, jingine ni la jina la mtu. La jina ndilo zito zaidi.

Wengi wakifika hapa hutafuta njia ya mkato: wanatuma pesa kwa simu kupitia namba isiyojulikana, wanaona wamemaliza. Tazama kitakachotokea. Mama wa Kasulu atapokea 260,000 asijue zimetoka wapi. Wanakikundi wakisikia, wengine watasema hata huyo aliyetuma ni ndugu yake aliyeona haya. Pesa imerudi, jina limebaki palepale.

Kinachomsafisha ni maelezo ya pesa ilipotelea wapi. Sanduku la kikundi huwa na kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, na mlaza sanduku kwa kawaida hana hata mmoja. Utaratibu huo unazuia wizi ndani ya sanduku. Hauzuii pesa iliyopokelewa nje ya kikao na kuandikwa kabla haijaingia. Hapo ndipo ulipopitia wewe. Kwa hiyo ukisema tu "mimi ndiye niliyekosea", bado mtu anaweza kufikiri mlishirikiana. Sema hivi: "Pesa ile haikuingia sandukuni hata siku moja. Niliipokea mimi, nikaiandika kuwa imeingia, nikaifanyia biashara yangu." Maneno hayo yanafunga kila mlango wa kumshuku yeye. Yajifunze hivyo hivyo, bila kuyapamba.

Kabla ya kumwambia yeyote nje ya nyumba, kuna mambo mawili. Kama una mume, aanze yeye kujua, kwa sababu malipo yatatoka kwenye mapato ya nyumba yenu na habari itamfikia tu. La pili ni la sheria. Wizi chini ya Kanuni ya Adhabu unaweza kuleta kifungo cha miaka kadhaa, na kosa la jinai halifutiki kwa kupita kwa miaka. Sikuambii haya ili urudi nyuma. Nakuambia ili usiingie ukiwa hujui. Tafuta msaidizi wa kisheria, yaani wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, msaada wao ni bure. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya Manispaa ya Kigoma Ujiji wakuelekeze. Mweleze yote, umuulize namna ya kuandika makubaliano ya kulipa, na usitie sahihi karatasi ya mtu yeyote kabla hajaisoma.

Kisha nenda kwa mama wa Kasulu kabla ya kwenda kwa kikundi. Yeye ndiye aliyeumizwa kuliko wote, haifai asikie ukweli wake kwa watu wa kando. Tena yeye ndiye mwenye haki ya kusema jina lake lisafishwe vipi. Huenda amejenga maisha huko, watoto wake hawajui, na hataki Ujiji nzima ianze kumjadili upya. Huenda anataka utangaze mbele ya wote. Huwezi kumchagulia.

Usimtokee mlangoni ghafla. Tuma mtu mzima anayemheshimu, mwanamke mwenzake ikiwezekana, apeleke ujumbe mfupi: "Mama H. ana neno la kukiri kwako kuhusu sanduku la mwaka 2015. Anauliza kama utakubali kumsikiliza, lini na wapi." Akikataa, usisukume. Mwache huyo mjumbe afikishe ukweli wenyewe, ili angalau ajue, na aulizwe kama anaridhia kikundi kiambiwe.

Akikubali, sema maneno machache. Kwanza ulichofanya, kwa yale maneno ya juu. Pili kilichompata yeye kwa sababu hiyo: alinyimwa 260,000, akaitwa mwizi, akahama, nawe ulikuwepo ukanyamaza. Tatu utakachofanya, yaani kumrudishia pesa na kusema ukweli kwa wenzenu kwa namna atakayoitaka. Hapo nyamaza. Habari za mvua na dagaa waliooza usizitaje ila akikuuliza, kwani zikitangulia zitasikika kama utetezi. Machozi yakija yaache yaje, lakini usilie mpaka ikabidi yeye ndiye akubembeleze. Na usimwambie "nisamehe" ukamkazia macho ungoje jibu. Mwambie, "Sikuja kukudai msamaha, nimekuja kukupa ukweli na haki yako." Siku hiyo usiende na pesa. Noti zikiwa mezani, maneno yako yanafanana na kununua ukimya.

Anaweza kukutukana. Anaweza asikusamehe mpaka kufa. Hiyo ni haki yake, na kujisamehe kwako hakupaswi kuning'inia hapo. Kwako kuna kazi moja unayoiweza, ya kukiri na kulipa, na ukiikamilisha imekamilika hata kama yeye amefunga mlango.

Sasa pesa. Pengo lilikuwa 640,000. Mama huyo alikatwa 260,000. Zilizobaki, 380,000, ziliwapungukia wengine 19, na kama hisa zililingana ni 20,000 kila mmoja. Mmoja wa hao 19 ni wewe, kwa hiyo unadaiwa na 18: jumla 360,000. Kama hisa hazikulingana, fuateni daftari la mgawo kama bado lipo. Tangu mwaka huo bei za vitu nchini zimepanda kwa takriban asilimia 40 au zaidi kidogo, basi ukitaka kumrudishia mtu thamani aliyopoteza, mama wa Kasulu apate 364,000 na wale 18 wapate 28,000 kila mmoja, yaani 504,000. Yote inafika 868,000. Usiogope riba hapo: nyongeza anayoitoa mdaiwa kwa hiari yake, bila kushurutishwa na mdai, si riba. Ukiwa na shaka muulize sheikh wako.

Anza na mama wa Kasulu mpaka umalize. Halafu lipa wenzako wawili kila mwezi, ni 56,000, na miezi 9 inatosha. Wewe mchuuzi wa dagaa unajua kwamba mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi ya taa haitoki na mkononi hapaingii kitu, kwa hiyo usiahidi tarehe moja ya kalenda. Ahidi wiki baada ya giza, ukiwa umeuza. Ahadi ya kulipa ikivunjwa mara mbili itakuumiza kuliko mwanzo, na watu watasema ni yuleyule. Kila anayepokea aweke sahihi kwenye daftari moja. Aliyefariki, wapewe warithi wake. Asiyepatikana kabisa baada ya kutafutwa, masheikh wanaruhusu kumtolea sadaka kwa nia yake.

Lakini usingoje mpaka pesa zikamilike ndipo ukaseme. Huko ndiko watu hujificha miaka kumi mingine, "nikipata tu nitaenda". Deni la jina linalipwa kwa mdomo na halihitaji mtaji.

Tegemea kwamba wiki za kwanza baada ya kusema utajisikia vibaya zaidi. Siri imekuwa habari, sokoni watu watageuka kukutazama. Hiyo haimaanishi umekosea kusema. Kumbukumbu zikikuvamia usiku, usibishane nazo wala usizifukuze. Tenga dakika 15 mchana, saa ileile kila siku, uandike mistari mitatu: nilichofanya, nani kiliumiza, leo nimelipa nini. Zikija nje ya muda huo, ziambie kesho saa tisa. Baada ya muda uiangalie ile mistari. Ukiona unaandika "mimi ni shetani", umerudi kujiadhibu, futa uandike tendo. Ukiona unaandika "hata wenzangu walikuwa wanachota", umeanza kutoroka, futa pia. Siku unayoweza kuandika "nilichukua, nikanyamaza, mwenzangu akaumia, nalipa" na mkono usitetemeke, hapo umeshaanza kujisamehe, hata kama huzuni ipo. Huzuni hiyo inaweza kubaki, na si ugonjwa.

Ugonjwa ni kukosa usingizi na hamu ya kula kwa zaidi ya wiki mbili, au kufikiri kwamba bora ufe. Likikufikia hilo, hata leo kabla hujaanza lolote, nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni uulizie huduma ya afya ya akili, na mtu wa nyumbani akusindikize.

Kuhusu vikundi: unaweza kujiunga tena, lakini usikubali kushika pesa za watu mpaka sahihi ya mwisho iwe kwenye daftari lako. Wakikusukuma uwe mweka hazina kabla ya hapo, waambie sababu.