Lebo inasema 50 hadi 84, bureti inasema ml 2.1: usitie sahihi bado

"Wadau, nimepima iodini ya chumvi ya paketi, gramu 10 kwenye maji, nikatia asidi na iodaidi ya potasiamu, KI. Thiosulfati ya 0.005 M imetumika ml 2.1. Nimegawanya kwa 2, nikazidisha kwa 126.9, nimepata 66.6 mg/kg. Lebo inasema 50–84 mg/kg. Naweza kuandika kwamba imepita? Pia wanga utiwe wakati gani?"

Usiandike chochote. Futa hiyo 66.6 kabla mtu mwingine hajaiona.

Namba hiyo naijua. Nimeishi nayo wiki tatu ubaoni, nimeionyesha kwa watu, nimeitetea. Ilinifanya niharibu chumvi iliyokuwa nzuri, na mpaka leo nikiona mtu anagawanya kwa 2 damu inanipanda.

Nilikuwa nimeajiriwa kwenye kiwanda kidogo cha kufungasha chumvi huku pwani, upande wa Magarini. Aliyenitangulia aliniachia kompyuta yenye karatasi ya hesabu. Unaandika usomaji wa bureti, jibu linatoka lenyewe. Ndani yake kulikuwa na hii:

```
=V*0.005/2*126.9*1000/10
```

Siku yangu ya pili nilipima chumvi iliyotoka kwenye mkanda, bureti ikasoma 3.8. Karatasi ikatoa 120. Lebo yetu ilikuwa kama yako, 50 hadi 84. Nikaona iodati, ile dawa yenye iodini tunayoitia kwenye chumvi, inamwagwa kama maji. Nikamwendea mzee wa pampu ya kunyunyizia nikamwambia apunguze. Akaniambia, "Mwanangu, pampu hii haijaguswa miaka mitatu na chumvi haijarudishwa hata siku moja." Nikamjibu kwamba kipimo kimeshasema. Akapunguza, shingo upande. Tukawa tunashusha na kupima, tunashusha na kupima, hadi bureti ikatulia kwenye 2.1 na karatasi ikaandika 66. Katikati kabisa ya lebo. Nililala vizuri usiku ule.

Wiki tatu baadaye lori la tani 9 lilirudi. Mnunuzi alikuwa amepeleka sampuli maabara nyingine, na karatasi yao ilisema iodati ya potasiamu ni 37 mg/kg. Tulikaa siku 11 kwenye sakafu ya ghala tukichana paketi za nusu kilo kwa nyembe, 18,000, chumvi inaingia kwenye mikato ya vidole. Plastiki yote iliyochapishwa ikaenda. Na hiyo ndiyo iliyorudi. Ya wiki tatu zilizotangulia ilishapikwa na kuliwa, na watu walilipia kitu ambacho hakikuwamo kwenye paketi.

Sasa tazama kosa liko wapi, kwa sababu ukiliona mara moja hulirudii:

```
IO3⁻ + 5 I⁻ + 6 H⁺ → 3 I2 + 3 H2O
I2 + 2 S2O3²⁻ → 2 I⁻ + S4O6²⁻
```

Thiosulfati haioni iodati. Inaona iodini iliyozaliwa ndani ya flaski. Na iodini hiyo nyingi si ya chumvi: ni ya chupa yako ya KI. Iodati moja kutoka kwenye chumvi inavuta iodaidi tano kutoka kwenye KI uliyoitia mwenyewe, zinatoka molekuli tatu za iodini, yaani atomu sita. Katika hizo sita, tano umezileta wewe. Moja tu ndiyo mali ya mwenye paketi.

Ukigawanya kwa 2 umepata moli za iodini iliyozaliwa, basi. Bado hujafika kwenye iodati. Lazima ugawanye tena kwa 3, kwa sababu iodati moja imezaa molekuli tatu. Mbili mara tatu ni sita. Hesabu ni hii:

```
=V*0.005/6*126.9*1000/10
```

Kwa gramu 10 za chumvi na thiosulfati ya 0.005 M, kila ml moja ni 10.58 mg/kg ya iodini. Ml zako 2.1 ni 22.2. Si 66.6.

Hapo bado hujamaliza, na hapa ndipo mtego wenyewe ulipo. Soma lebo tena, neno kwa neno, usiangalie namba peke yake. Hiyo 50 hadi 84 ni kiwango cha Kenya, na kinahesabu iodati ya potasiamu, KIO3 nzima, pamoja na potasiamu yake na oksijeni yake. Wewe umezidisha kwa 126.9, uzito wa iodini peke yake. KIO3 ni 214. Kwa hiyo 22.2 ya iodini ni 37.5 ya iodati. Hiyo 37.5 ndiyo inayosimama mbele ya 50, na haifiki.

Umeona yalivyoshikana? Kosa la kwanza linakuza jibu mara tatu. La pili linalinganisha iodini na iodati, vitu viwili tofauti vyenye kipimo kimoja cha mg/kg. Yakikutana, chumvi yenye upungufu inaangukia katikati ya lebo, na iliyo sawa inaonekana imezidi. Lingekuwa kosa la kutoa jibu la 900 ungeshtuka. Hili linatoa jibu unalolitamani. Ile 3.8 yangu ya siku ya pili ilikuwa 67.8 ya iodati. Chumvi ilikuwa sawa kabisa na mzee wa pampu alikuwa sahihi.

Aliyeniachia karatasi ile nilimtafuta kwa simu. Akaniambia, "Mimi niliikuta hivyo, na sikuwahi kuitumia, nilikuwa naangalia rangi tu." Anaangalia rangi! Sasa kwa nini unamwachia mwenzako kitu ambacho hujawahi kukijaribu, tena bila neno? Hata kimstari cha "sijahakiki" hakikuwapo. Nilikasirika na bado nimekasirika. Na hicho kitini kinachozunguka chenye mlingano wa pili peke yake, bila wa kwanza, ndicho kinachozaa kizazi kizima cha watu wanaogawanya kwa 2. Nahisi na wewe umekipata huko.

Kanuni yangu sasa ni moja: sipimi paketi ya mtu kabla sijapima chumvi niliyoitia iodati kwa mkono wangu. Kila siku ya kazi, asubuhi, kabla ya kitu kingine.

Unachukua KIO3 safi ya maabara, unaikausha saa moja kwenye 110°C, unaiacha ipoe mahali pakavu. Unapima gramu 0.1686, unayeyusha, unafikisha lita moja kamili. Kila ml ya maji hayo ina mikrogramu 100 za iodini. Kisha unatafuta chumvi isiyotiwa iodati. Sisi tulikuwa tunachota ile ghafi kabla haijapita kwenye pampu. Wewe tumia kloridi ya sodiamu ya maabara. Gramu 10, maji ml 50, halafu pipeti ml 4 za iodati yako. Umetengeneza chumvi ya 40 mg/kg ya iodini na hakuna wa kukubishia, maana umeitia wewe. Endelea na asidi na KI kama kawaida, titreti.

Bureti inapaswa kusimama karibu na 3.78. Ikisimama hapo na karatasi yako ikasema 120, karatasi ni mbovu, na umejua kabla hujamgusa mtu wala pampu. Ikisimama kwenye 4.2, hesabu haina shida ila thiosulfati imechoka: ile unayoiita 0.005 imeshuka hadi 0.0045, na kila chumvi utakayopima itaonekana nzuri kuliko ilivyo. Thiosulfati nyepesi namna hii haikai, hata kwenye chupa ya kahawia. Na upime flaski nyingine ya chumvi ileile bila iodati. Ikigeuka njano baada ya kutia KI, basi KI yako imezeeka na inazaa iodini bila kuombwa. Jaribio moja dogo, na ile hesabu ya kugawanya kwa 2, thiosulfati iliyochoka na KI iliyozeeka, vyote vinajitokeza hadharani.

Wanga: usiutie mwanzoni. Shusha thiosulfati hadi ile rangi ya chai ya rangi ififie iwe njano ya majani makavu, ndipo utie ml 2 za wanga. Itaruka kuwa buluu nzito karibu na zambarau. Kuanzia hapo tone kwa tone huku unatikisa, na tone la mwisho linaifuta yote kwa mara moja. Ukiutia mapema, wanga unang'ang'ania iodini na mwisho unakuwa wa kubahatisha.

Kwa lebo yako niliandika namba mbili nikazibandika ukutani juu ya bureti: 2.8 na 4.7. Kwa gramu 10 na thiosulfati ya 0.005 M iliyohakikiwa, hapo katikati ndipo ilipo 50 hadi 84 ya KIO3. Ml 0.1 ni kama 1.8 mg/kg ya iodati, kwa hiyo mtu akisoma 2.75 tunaweza kubishana kuhusu macho. 2.1 haina mabishano ya macho, iko mbali. Lakini paketi moja si shehena. Chumvi yenye unyevu inaachia iodati iteremke chini, na pua ya pampu ikiziba dakika kumi kuna paketi zitapita kavu. Chukua kadhaa za tarehe moja ya kufungashwa, changanya kila moja hadi chini kabla ya kupima gramu 10, kisha ndiyo uandike. Na hakikisha lebo inasema iodati. Ikiwa chumvi imetiwa iodaidi, kama zile nyingi za Marekani, njia hii itakusomea sufuri hata kama imejaa. Hiyo inataka maji ya bromini kwanza.

Hiyo 22.2 ya iodini, kwa faida ya mwenye chumvi anayesubiri jibu lako, bado iko juu ya 15 ambayo Shirika la Afya Duniani linaitaka nyumbani. Kwa hiyo usimwambie chumvi haina iodini. Mwambie haina kile lebo ilichoahidi, kama vipimo vya marudio vitasema hivyo.

Kesho asubuhi anza na ile ya ml 4. Ukimaliza niwekee hapa usomaji wa bureti wenyewe, mwanzo na mwisho, hesabu tutaifanya pamoja.