Juzi kwaya, jana mpira, leo hali nyama: majibu kwa wazazi na vijana

Binti yangu ana miaka 15. Januari alikuwa wa kwaya, Aprili akahamia mpira, sasa hali nyama na anatuhubiria mezani. Nimwache au nimkanye?

Mwache ahubiri, ila sikiliza anahubiri nini. Mwanasaikolojia Erik Erikson aliona kwamba katika umri huu kijana anahitaji kipindi cha kuahirisha maamuzi ya utu uzima, ajaribu huku na kule bila kufungwa na alichokijaribu. Mwaka 1966 James Marcia aliligeuza wazo hilo kuwa mambo mawili ya kumdadisi kijana: je, amewahi kupima njia tofauti? Na je, kuna aliyoishika? Binti yako anapima, bado hajashika.

Anayepima kweli hujulikana kwa namna anavyoingia na anavyotoka. Chukua hilo la nyama. Mwulize lilianzia wapi, kwa sauti ya kawaida, si ya mahakamani. Akikwambia aliona mnyama akichinjwa, akaenda kusoma, akabishana na rafiki yake, na kwamba kuhusu samaki bado hajaamua, hapo kuna kazi inafanyika kichwani. Kisha mwulize kilichomtoa kwaya. "Napenda kuimba, ila sipendi kusimama mbele za watu" ni jibu la mtu aliyeondoka na kitu mkononi.

Jibu la kukufanya usogeze kiti ni "basi tu", likirudiwa kwa kila jambo, na ukimgeuzia upande wa pili nao ni sawa kwake. Huyo hapimi wala hashiki, hali ambayo Marcia aliiona kama kutawanyika. Bahati mbaya kijana wa namna hiyo mara nyingi hasumbui mtu mezani, kwa hiyo hakuna anayemwandikia barua.

Kukanya kuweke kwa yale yasiyorudi nyuma, kama kuacha shule. Nywele zikinyolewa huota.

Kaka yake ana miaka 18 na hajawahi kuyumba. Tangu mdogo anasema atakuwa daktari kama baba yake. Huyu si ndiye aliyejijua mapema?

Huenda, na huenda amepokea tu jibu lililokuwa tayari nyumbani. Kwa nje aliyejijua na aliyepokea hawatofautiani, kwani wote wameshika. Mmoja ameshika baada ya kupima, mwingine ameshika bila kupima. Mwulize ni kazi gani nyingine aliwahi kuifikiria, na ni jambo gani lingemfanya abadili nia. Aliyepima atakutajia alichokikataa na sababu yake. Asiyepima hukasirika au hushangaa, kana kwamba umemwuliza kwa nini anaitwa jina lake.

Si ugonjwa, na wapo wanaoishi hivyo maisha yao yote wakiwa na amani. Wasiwasi wangu huwa siku mlango unapofungwa, tuseme alama za kuingia udaktari zisipotosha. Aliyewahi kutazama njia nyingine ana pa kugeukia. Mwenzake anaona ameanguka yeye mzima, si mtihani peke yake. Basi msimng'oe kwenye udaktari. Mpeni nafasi ya kukaa siku chache na watu wa kazi nyingine, na baba mwenyewe amsimulie aliyowahi kuyataka kabla ya kuuchagua.

Nina miaka 17. Kila usiku najiuliza mimi ni nani, naamini nini, nitakuwa nani. Nikiamka nimechoka zaidi. Si mnasema kujitafuta ni kuzuri?

Mwanangu, kuna kutafuta na kuna kuzunguka. Watafiti waliokuja baada ya Marcia, akiwemo Koen Luyckx, walizitenganisha hali hizo mbili, kwa sababu hiyo ya kuzunguka huandamana na huzuni na wasiwasi. Kipimo chake ni chepesi: baada ya saa nzima ya kuwaza, umepata kitu cha kujaribu kesho? Kama hakuna, fupisha swali. "Mimi ni nani" halijibiki saa sita za usiku. "Je, nitapenda kufundisha watoto?" linajibika Jumamosi moja, ukiwa na watoto watatu na daftari. Ila kama wiki mbili zimepita hulali, huli, na hata uliyoyapenda hayakugusi tena, mwambie mtu mzima unayemwamini na mwende kituo cha afya. Ukifikia kuwaza kujidhuru, usingoje wiki hizo, sema leo.

Hii hali huisha wakiwa na miaka mingapi?

Wengi huivuka 18 bado wakipima, na hawatulii katika mambo yote kwa pamoja: mtu anaweza kuwa na msimamo kamili wa dini huku kazi hajui hata aanzie wapi. Na wazazi nao hurudi humo, mara nyingi baada ya kufukuzwa kazi au kufiwa.