Ripoti ya pointi za wateja kwa meneja wa fedha: deni linapatikanaje?

Swali: Wakuu, tuna maduka matatu: Mwanza mjini, Igoma na Nansio. Kadi za wateja zinaingia mwaka wa pili, mteja akinunua vya 1,000 anapata pointi 1, na pointi 1 inamlipia shilingi 10 kaunta. Pointi zinakufa baada ya miezi 12. Meneja wa fedha anataka ripoti ya pointi zilizobaki na zilizotumika, ioneshe deni letu. Nikimpa pointi zote mara shilingi 10 anairudisha. Anataka nini hasa?

Jibu:

Mkuu, anairudisha kwa sababu umempa kiwango cha juu kabisa ambacho wateja wangeweza kudai, na yeye anatafuta kiasi cha kuandika vitabuni. Hivyo ni vitu viwili, na ripoti nzuri huvionesha vyote bila kuvichanganya. Lakini kabla ya shilingi, ziweke sawa pointi zenyewe. Pointi zikikataa kufunga, hesabu yoyote utakayojenga juu yake ataibomoa kwa swali moja.

Usichukue salio kutoka kwenye safu ya salio iliyo kwenye taarifa za mteja. Safu ile inaonesha salio la sasa hivi. Ukiivuta tarehe 4 Julai, umempa salio la tarehe 4 Julai hata kama juu umeandika 30 Juni. Jumlisha miamala yenyewe mpaka siku ya kufunga:

```sql
SELECT customer_id, SUM(points) AS salio
FROM loyalty_ledger
WHERE business_date <= '2025-06-30'
GROUP BY customer_id;
```

Kisha andika mwendo wa mwezi. Tuchukue Juni hii ya mfano: salio la mwanzo 412,650, zilizotolewa 203,100, zilizoondolewa baada ya mteja kurejesha bidhaa 3,100, zilizotumika 88,400, zilizokufa kwa muda 21,700, zilizoongezwa kwa mkono 900. Salio la mwisho linakuwa 503,450. Namba hiyo ilingane na jumla ya masalio ya wateja wote, kadi kwa kadi.

Mara nyingi hailingani. Tuseme jumla ya kadi imekuja 504,690, imezidi kwa 1,240. Kabla ya kuhangaika na kitu kingine, angalia kama ripoti ina kichujio cha masalio yaliyo juu ya sifuri. Wengi hukiweka ili orodha isiwe ndefu, nacho huwatupa nje wenye salio hasi. Jumlisha masalio hasi peke yake. Ukipata 1,240, umemaliza kutafuta.

Salio hasi huingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni mteja aliyenunua bidhaa ya 300,000, akapata pointi 300, akazitumia kesho yake, halafu akarudisha bidhaa. Ya pili, kwenu, itatokea zaidi Nansio. Mtandao ukikatika, kaunta inaendelea kufanya kazi kwa salio lililohifadhiwa mara ya mwisho. Familia moja inatumia kadi moja, mama yuko Ukerewe na baba yuko mjini, wote wanatumia pointi zilezile 120 siku hiyohiyo. Miamala ya Nansio ikishapanda, kadi inasoma hasi 120. Usizifute. Zioneshe kwenye mstari wake, kwa duka, kwa sababu ni fedha iliyotoka ambayo huenda haitarudi. Na kama zinapanda kila mwezi, dawa ni kuzuia matumizi ya pointi kaunta ikiwa haina mtandao. Kutoa pointi mpya kunaweza kuendelea.

Mtandao huohuo una tatizo la tarehe. Mauzo ya 29 Juni yanaweza kuingia kwenye mfumo 2 Julai. Hifadhi tarehe ya mauzo na tarehe ya kuingia kwenye mfumo, mkubaliane na fedha siku ya kufunga mlango, mathalani tarehe 3. Kitakachochelewa baada ya hapo kiende mwezi unaofuata kama mstari unaosomeka "miamala ya nyuma". Ukiuacha mwezi uliofungwa ubadilike kimyakimya, salio la mwanzo la Julai halitakuwa sawa na la mwisho la Juni, na hapo ndipo imani inapopotea.

Sasa shilingi. 503,450 mara 10 ni 5,034,500. Iandike, ila uiite kwa jina lake: thamani ya kaunta ya pointi zote zilizobaki. Deni la vitabuni linafuata IFRS 15, kiwango cha kimataifa cha kuandika mapato, ambacho kinazitazama pointi kama sehemu ya kile mteja alichokilipia siku aliponunua. Sehemu hiyo ya mauzo haijawa mapato bado. Inakaa kama mapato yaliyoahirishwa mpaka pointi zitumike au zife.

Unahitaji makadirio: katika pointi 100 unazotoa, ngapi zitatumika kabla ya kufa? Hapa ndipo ripoti nyingi zinapoharibika. Mtu anachukua zilizotumika Juni, 88,400, anagawa kwa zilizotolewa Juni, anapata kama asilimia 44, anasema wateja wetu hutumia asilimia 44. Hapana. Zilizotumika Juni zilitolewa miezi ya nyuma, wakati wenye kadi walikuwa wachache. Mpango wa kadi unaokua utatoa asilimia ndogo kwa njia hii kila mara, na deni litakuwa dogo kuliko ukweli.

Njia sahihi ni kuzifuata pointi kwa mwezi wa kuzaliwa. Chukua kundi la Juni 2024, ambalo limeshamaliza miezi yake 12. Kama lilitolewa 180,000 na hadi kufa kwake zikatumika 126,000, hiyo ni asilimia 70, na imethibitika. Fanya hivyo kwa kila kundi lililokomaa uone kama yanakaribiana. Ili hili liwezekane, mfumo lazima uandike kila pointi iliyotumika imetoka kundi gani, na kanuni iwe ya zamani kwanza. Kama mfumo wenu unapunguza salio tu bila kutaja kundi, unaweza kuligawa upya kutoka kwenye miamala, kadi moja baada ya nyingine, ukianza na pointi kongwe. Ni kazi ya usiku mmoja kwa kompyuta, si ya mtu na Excel.

Tuchukue kundi la Juni 2025. Mauzo ya wenye kadi, baada ya kutoa yaliyorudishwa na bila VAT, ni 200,000,000, na pointi zilizobaki baada ya marejesho ni 200,000. (Nimerahisisha kwa kudhani pointi zinahesabiwa kwenye bei bila VAT. Kama zenu zinahesabiwa kwenye bei ya rafu, toa VAT kwenye mauzo na kwenye ile thamani ya shilingi 10 pia, vinginevyo unalinganisha vitu visivyofanana.) Tunatarajia zitumike 140,000, kila moja shilingi 10, kwa hiyo thamani ya pointi ni 1,400,000. Mteja amelipa milioni 200 kwa vitu viwili vyenye thamani ya pamoja ya 201,400,000. Gawa kwa uwiano:

```
200,000,000 x 1,400,000 / 201,400,000 = 1,390,268
```

Hiyo 1,390,268 inatoka kwenye mauzo inaingia kwenye deni. Kufikia Septemba, pointi 35,000 za kundi hili zikiwa zimetumika, ni robo ya zile 140,000 zinazotarajiwa, kwa hiyo robo ya deni, 347,567, inarudi kuwa mapato. Linabaki 1,042,701.

Makadirio yakibadilika, ile 1,390,268 haiguswi. Kinachobadilika ni kigawanyo. Tuseme Desemba mmeona wateja wanatumia zaidi, mkapandisha hadi asilimia 80, yaani pointi 160,000, na jumla ya zilizotumika imefika 96,000. Mapato mpaka hapo ni 96,000 kwa 160,000 ya deni la awali, yaani 834,161. Ukitoa 347,567 iliyokwisha kuandikwa, ya kuandika sasa ni 486,594. Ripoti yako iwe na mstari mmoja kwa kila kundi, wenye kiasi cha awali, zinazotarajiwa, zilizotumika na deni lililobaki. Jumla ya safu ya mwisho ndiyo namba anayoisubiri. Kundi ambalo zilizotumika zimezidi zinazotarajiwa liwekee alama, maana litaonesha deni hasi, na maana yake makadirio yamepitwa.

Zile 900 za mkono ziweke kando na jina la aliyeidhinisha. Hazina mauzo nyuma yake, hazistahili kuingia kwenye mgawanyo huu.

Kosa ninaloliona zaidi liko kwenye pointi zilizokufa. Mfumo unapofuta 21,700, mtu anaandika mapato ya 217,000 kwa sababu "deni limeisha". Lakini kufa kwake kulishahesabiwa siku ya kwanza, tulipotarajia 140,000 badala ya 200,000. Angalia kundi la Juni likiishia kama lilivyotarajiwa: zilizotumika 140,000 kwa shilingi 10 ni 1,400,000, zilizokufa 60,000 kwa shilingi 10 ni 600,000. Umeondoa milioni 2 kwenye akaunti iliyoingiziwa 1,390,268. Dalili ni rahisi kuiona: akaunti ya deni kwenye leja kuu inasoma upande wa debiti, huku ripoti yako inasema wateja bado wana pointi laki tano. Kwa hiyo pointi zinapokufa, zionekane kwenye mwendo wa pointi, na upande wa shilingi kundi likishafika mwisho ondoa tu salio lililobaki, liwe dogo au kubwa.

Uliza pia kaunta inaandikaje malipo ya pointi. Kama inayaandika kama punguzo, mauzo yameshapungua na deni linatolewa mara moja mwisho wa mwezi kutoka kwenye ripoti yako. Kama inayaandika kama aina ya malipo, inaweza kuwa inaigonga akaunti ya deni yenyewe kwa shilingi 10 kila pointi. Zikitokea zote mbili, deni linatolewa mara mbili. Chagueni moja, na iwe hiyohiyo maduka yote matatu.

Na muombe meneja awe anaambiwa kabla watu wa masoko hawajatangaza mabadiliko. Wakiongeza muda wa pointi kutoka miezi 12 hadi 24, ile asilimia 70 uliyoipata kwenye makundi ya zamani haikufai tena, kwa sababu waliokuwa wanachelewa sasa watawahi. Kwa makundi yote yaliyo hai itabidi ukadirie upya idadi ya zitakazotumika mwezi huohuo wa tangazo.