Nyongeza ya mshahara na daraja jipya la kodi: kwa nini mkononi haipungui

Swali: "Nimeahidiwa nyongeza, lakini itanivusha kwenye daraja la kodi la asilimia 30. Wenzangu wanasema nitapokea pungufu ya ninachopata sasa. Je, niikatae?"

Ndugu, usiikatae. Nimeandaa mishahara kwa miaka mingi, na hofu hii nimeisikia hata kwa watu wanaoshughulika na hesabu kila siku. Karibu kila mara chanzo chake ni jedwali la kodi kusomwa nusu. Mstari wa daraja la juu husomeka hivi: kodi ni kiasi fulani kilichokwisha kukokotolewa, kuongeza asilimia 30 ya kiasi kinachozidi kikomo cha daraja lililotangulia. Msomaji huikamata ile asilimia 30 na kuyaruka maneno "kinachozidi", ilhali maana yote imo humo.

Tuchukue jedwali la kubuni. Katika mshahara wa mwezi, 300,000 za kwanza hazitozwi kodi. Sehemu iliyo kati ya 300,000 na 600,000 hutozwa asilimia 10, iliyo kati ya 600,000 na 1,000,000 hutozwa asilimia 20, na kinachozidi 1,000,000 hutozwa asilimia 30. Mfanyakazi analipwa 980,000. Daraja la pili linamtoza 30,000, na zile 380,000 zilizoingia daraja la tatu zinamtoza 76,000. Jumla ya kodi ni 106,000, naye anabaki na 874,000.

Sasa mshahara wake unapanda hadi 1,040,000. Hapa ndipo wenzako wanapochukua asilimia 30 ya mshahara mzima, wakapata kodi ya 312,000 na baki ya 728,000, kisha wakashtuka. Hesabu halisi haibadilishi asilimia za madaraja ya chini hata kidogo: daraja la pili linabaki 30,000, la tatu linajaa na kuwa 80,000, na zile 40,000 tu zilizovuka kikomo ndizo zinazotozwa asilimia 30, yaani 12,000. Kodi yote ni 122,000, na mkononi zinabaki 918,000. Katika nyongeza ya 60,000, kodi imechukua 16,000 na mfanyakazi amebaki na 44,000. Ukigawanya kodi yote kwa mshahara wote utaona kwamba analipa chini kidogo ya asilimia 12, ingawa watu watasema "yuko daraja la 30".

Maadamu hakuna daraja linalotoza asilimia 100 au zaidi, kila senti inayoongezeka huacha kitu nyuma yake. Kinachopungua ni kasi ya kubakiza, si kiasi kinachobaki.

Kwa nini basi wapo wanaoapa kwamba kwao ilipungua? Malalamiko mengi niliyoletewa yalihusu malimbikizo. Tuseme nyongeza ile ilichelewa miezi miwili, kisha ikalipwa pamoja na mshahara wa mwezi wa tatu. Mwezi huo mtu analipwa 1,160,000, na kama kodi hukatwa kwa kutazama mwezi mmoja mmoja, itakuwa 158,000, naye atapokea 1,002,000. Mwezi unaofuata anapokea 918,000 na kuja ofisini akiwa na hati mbili za mshahara, akidai nyongeza imemla. Analinganisha na mwezi usio wa kawaida. Hati ya kulinganisha nayo ni ile ya kabla ya nyongeza, yenye 874,000. Mara nyingine tofauti hutoka kwenye makato mengine kabisa, kwa mfano mkopo ulioanza kukatwa mwezi uleule. Kwa hiyo soma mstari wa kodi peke yake kabla ya kutazama jumla ya chini.

Upo mpaka mmoja ambao ni lazima niuseme, kwa sababu humo hofu yako ingekuwa na msingi. Yote niliyoeleza yanahusu kodi ya mapato inayotozwa kwa vipande. Ikiwa kuna ruzuku, msamaha wa ada au posho ambayo hutolewa kwa wenye kipato chini ya kikomo fulani na kufutwa yote mtu akikivuka, hapo nyongeza ndogo inaweza kweli kumwacha mtu na pungufu. Hilo halitokani na daraja la kodi bali na sharti la ile posho, na hujitokeza zaidi pale nyongeza inapokivuka kikomo kwa kiasi kidogo tu. Kama unapokea kitu cha namna hiyo, uliza kikomo chake ni kipi na kama hupunguzwa polepole au hukatwa kwa mara moja, kisha ulinganishe thamani yake na sehemu ya nyongeza itakayobaki baada ya kodi. Kama hupokei, huna cha kulinganisha; tia sahihi barua yako.